Kadi Moja, Uamuzi Mmoja: Kuigeuza Sura ya Ukanushi kuwa Mazoezi ya Kusema

Saa saba mchana, mgeni anayejifunza Kiswahili anapita kwa jirani. Anakaribishwa ndani, kisha anaulizwa swali ambalo kila mgeni wa pwani ataulizwa: "Umekula?" Njaa inamuuma. Anafikiri kidogo, anajibu: "Sikula."

Neno hilo halina kosa. Ni Kiswahili fasaha, na katika kitabu chake limeandikwa vivyo hivyo. Lakini jirani anabaki na mashaka. Hakula lini? Asubuhi? Jana? Au alipewa chakula mahali akakikataa? Jibu lililotakiwa ni "sijala", maana hilo linaacha mlango wazi: sijala mpaka sasa, sahani ikija nitakula. Mgeni anayajua maneno yote mawili na ameyaona katika jedwali moja. Ambacho hajawahi kufanya ni kuchagua kati yake huku mtu akimsubiri ajibu.

Hapo ndipo kadi za mazoezi zinapokuwa na kazi. Makala haya yanaonyesha namna ya kuichukua sura moja ya sarufi, sura ya ukanushi katika kozi ya Kiswahili kwa wageni, na kuikata iwe kadi ambazo mwanafunzi atazijibu kwa sauti. Nimechagua sura hii kwa sababu sisi wenyeji tunaikanyaga kila siku bila kuiona, na kwa sababu karibu kila kosa la kutengeneza kadi hujitokeza humo.

Sura ilivyo kitabuni

Vitabu vingi vya kufundishia wageni huipanga sura hii kwa namna moja. Juu kuna maelezo, chini yake kuna jedwali la nafsi sita na nyakati nne, kisha orodha ya vitenzi vinavyokwenda kinyume, na mwisho sentensi za kutafsiri. Jedwali hilo lina vyumba 24: sisomi, husomi, hasomi, na kuendelea hadi hawatasoma.

Mtu akiambiwa atengeneze kadi, jambo la kwanza linalomjia ni kuchukua kila chumba na kukifanya kadi. Mbele anaandika "ninasoma", nyuma "sisomi". Anamaliza kwa saa moja, anaridhika, na baada ya wiki mwanafunzi anazijibu zote. Mpe kitenzi kingine, "ninauza", naye anasita. Alichojifunza ni maumbo 24 ya kitenzi kimoja.

Jedwali limepangwa kwa faida ya macho, ili msomaji aone mfumo mzima kwa mara moja. Msemaji haoni mfumo mzima. Anakutana na sentensi moja, na ndani ya sentensi hiyo ana maamuzi machache ya kufanya kwa haraka. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuisoma sura upya na kujiuliza, kila aya, kuwa hapa msemaji anaamua nini.

Katika ukanushi, maamuzi yako sehemu tatu za kitenzi. Mwanzoni, *ni-* inageuka *si-*, na nafsi nyingine zinapokea *ha-*, ambayo ikikutana na *u-* inakuwa *hu-*, na ikikutana na *a-* inabaki *ha-*. Katikati, *-li-* inakuwa *-ku-*, *-me-* inakuwa *-ja-*, *-ta-* inabaki ilivyo, na *-na-* inaanguka kabisa. Mwishoni, katika wakati uliopo tu, *-a* inakuwa *-i*: ninauza, siuzi. Juu ya hayo kuna uamuzi wa nne ambao jedwali haliuonyeshi kabisa, nao ndio uliomponza mgeni wetu: ni wakati gani wa kusema *-ku-* na ni wakati gani wa kusema *-ja-*.

Wazo hili lina historia

Zoezi la kurudia kigezo kimoja kwa maneno tofauti si jipya, na Kiswahili kilikuwemo mapema. Miaka ya 1960, taasisi ya mafunzo ya lugha ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani iliandaa kozi ya Kiswahili, na mmoja wa walioiandaa alikuwa mwanaisimu Earl Stevick. Katika kozi za aina hiyo mwalimu hutamka sentensi, kisha hutoa neno moja la kubadilishia, na mwanafunzi huirudia sentensi nzima akiwa ameliingiza neno hilo. Ndimi zilizoea kweli. Lakini lilionekana tatizo: mwanafunzi aliweza kubadilisha sentensi kumi mfululizo bila kuelewa hata moja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Christina Bratt Paulston aliyapanga mazoezi haya katika ngazi tatu. Ya chini ni ya kigezo kitupu, ambapo jibu ni moja na maana haihitajiki. Ya kati inamlazimisha mwanafunzi kuelewa ndipo ajibu. Ya juu inamwacha aseme jambo lake mwenyewe, ambalo mwalimu hakulijua kabla. Stevick naye, katika kitabu alichokitoa mwaka 1976, aliandika kwa kirefu kuhusu uhusiano wa kumbukumbu na maana.

Kwa mtengeneza kadi, ngazi hizo ni mwongozo mzuri. Kadi za kigezo kitupu zinafaa mwanzoni tu, ulimi unapozoea. Kadi za kati ndizo zenye thamani kubwa. Ngazi ya juu haiingii kwenye kadi, kwa sababu kadi ina jibu lake nyuma tayari.

Kukata sura kwa mpangilio

Chukua karatasi ya manila, uikate vipande vya ukubwa wa kiganja. Sasa usianze na wakati uliopo, hata kama kitabu kimeanza nao. Wakati uliopo unabadilisha sehemu zote tatu kwa pamoja, kwa hiyo mwanafunzi akikosea hutajua alikosea wapi. Anza na wakati ujao, kwa kuwa humo katikati na mwishoni hapabadiliki kitu. Uamuzi ni mmoja tu, wa mwanzoni.

Fungu la kwanza basi ni kadi sita, moja kwa kila nafsi, na kila kadi ina kitenzi chake:

Mbele: *Nitarudi kesho.* Nyuma: *Sitarudi kesho.*
Mbele: *Utafua leo.* Nyuma: *Hutafua leo.*
Mbele: *Mama atakuja Jumamosi.* Nyuma: *Mama hatakuja Jumamosi.*

Na kuendelea hivyo kwa sisi, ninyi na wao.

Fungu la pili ni wakati uliopita, kadi nne: *Nilinunua samaki* inakuwa *Sikununua samaki*, *Mlinzi alifunga geti* inakuwa *Mlinzi hakufunga geti*. Huhitaji tena nafsi zote sita, kwa sababu mwanzo umeshazoeleka. Kipya ni katikati tu. Fungu la tatu, kadi nne nyingine, ni la *-me-* na *-ja-*: *Nimelipa kodi, Sijalipa kodi*; *Fundi amemaliza, Fundi hajamaliza*.

Fungu la nne ndilo wakati uliopo: *Anauza maziwa, Hauzi maziwa*, *Tunakaa Temeke, Hatukai Temeke*. Kadi nne zinatosha, lakini zichanganye mara moja na fungu la tano, kadi tatu za vitenzi visivyoishia na *-a*: *Ninafikiri hivyo, Sifikiri hivyo*, *Anajibu simu, Hajibu simu*, *Wanasamehe, Hawasamehe*. Ukiyatenga mafungu haya mawili, mwanafunzi atajua kwa fungu lenyewe kama abadilishe mwisho au auache. Ukiyachanganya, atalazimika kuutazama mwisho wa kitenzi kila mara, kama inavyombidi anapozungumza.

Fungu la sita, kadi sita, ni la vitenzi vifupi: kula, kunywa, kuja. Hivi hubeba *ku-* katika maumbo mengi ya kukubali, kisha huitupa katika baadhi ya maumbo ya kukanusha. *Ninakula nyama* inakuwa *Sili nyama*, *Anakunywa kahawa* inakuwa *Hanywi kahawa*, *Amekuja* inakuwa *Hajaja*, lakini *Watakuja* inakuwa *Hawatakuja*, na *ku-* imebaki. Wageni wengi husema "sikuli" au "hajakuja". Hili la pili utalisikia hata kwa wenyeji wa baadhi ya sehemu, kwa hiyo mwalimu aamue mapema kadi zake zitafuata usemi upi.

Tumefika kadi 27. Zote ni za kigezo kitupu, na mwanafunzi anayezijibu vizuri bado atamwambia jirani "sikula". Fungu la saba ndilo la kumwokoa, nalo ndilo gumu kuliandika.

Fungu la kuchagua

Jaribio la kwanza la kila mwalimu huwa hivi:

Mbele: *Kondakta anauliza: "Umelipa?" Bado.* Nyuma: *Sijalipa.*

Kadi inaonekana nzuri. Ina sentensi, ina mtu, ina mahali. Lakini itazame vizuri. Swali lina *-me-*, na mwanafunzi ameshajua kuwa *-me-* hugeuka *-ja-*. Anajibu sawasawa bila kufikiria kama nauli inalipwa sasa au safari ilikwisha jana. Tumerudi kwenye kigezo kitupu, safari hii kimevaa nguo za mazungumzo. Hata neno "bado" ni mchongo. Likiwa kwenye kila kadi ya *-ja-*, mwanafunzi anajifunza kuwa palipo na "bado" aweke *-ja-*, na siku ambayo neno hilo halikutamkwa anapotea. Vivyo hivyo "jana" kwenye kila kadi ya *-ku-*.

Kadi inayofaa humpa hali ya mambo na kumnyima umbo la kitenzi. Tena ziandikwe mbili mbili, kitenzi kilekile katika hali mbili, ili tofauti pekee kati ya kadi hizo iwe ndiyo tofauti tunayoifundisha:

Mbele: *Saa nne asubuhi. Mgeni wa leo yuko njiani, nanyi mnamsubiri. Mpe mwenyeji habari (kufika).* Nyuma: *Mgeni hajafika.*

Mbele: *Mkutano wa wiki iliyopita. Kiti cha mgeni kilikuwa kitupu mpaka mwisho. Toa habari (kufika).* Nyuma: *Mgeni hakufika.*

Jozi ya pili inaweza kuwa ya kula. Upande mmoja mtu ana njaa na amekaa mezani. Upande wa pili daktari anataka kujua habari za usiku wa kabla ya kipimo cha damu. Kwa huyu wa mezani jibu ni *Sijala*, kwa daktari ni *Sikula*. Jozi ya tatu iwe ya kulipa: ankara ya maji ya mwezi huu iliyo mfukoni, na ankara ya mwaka uliopita iliyosababisha maji kukatwa. Jumla ni kadi sita, na sura nzima imekuwa kadi 33.

Ikiwa mwanafunzi hajafikia uwezo wa kusoma maelezo hayo kwa Kiswahili, yaandike kwa lugha yake. Hapo hakuna hasara, kwa sababu unaeleza hali tu. Hasara ipo pale unapoandika sentensi ya lugha yake ili aitafsiri. Mjerumani anapozungumza kwa kawaida hutumia umbo moja la kitenzi kwa "nimekula" na kwa "nilikula". Mmarekani naye, katika mazungumzo, mara nyingi hulitumia umbo la wakati uliopita pamoja na neno la kwao lenye maana ya "bado". Ukimpa mmoja wao sentensi ya kwao aigeuze, unampa pia mgawanyo wa kwao wa wakati, nao haulingani na wetu. Atasema "sikula bado", na kadi yenyewe itakuwa imemfundisha hivyo.

Sentensi za mfano nazo zina mitego

Sentensi ya kadi isizidi maneno sita au saba, na kila neno lake, isipokuwa kile kinachofundishwa, liwe limepita katika sura za nyuma. Mwanafunzi akisita kwenye kadi "Mhasibu hakuidhinisha malipo", hujui kama kilichomshinda ni ukanushi au ni neno "kuidhinisha". Kadi moja ibebe ugumu mmoja.

Mtego mwingine ni wa sentensi iliyo sahihi kwenye karatasi lakini ina maana ya pili mdomoni. Katika fungu la kwanza niliandika "Utafua leo" kwa makusudi. Kitenzi cha kwanza kinachomjia mtu hapo ni kupika: *Utapika leo*, ukanushi wake *Hutapika leo*. Isome kwa sauti. Mwenye kusikia anaweza kuelewa kuwa hutapika chakula, au kuwa kuna mtu ambaye huwa anatapika. Wenyeji tunacheka na kupita. Mgeni aliyepewa kadi hiyo siku ya tatu hataelewa tunacheka nini. Ndiyo sababu kadi zote zisomwe kwa sauti na mzungumzaji mzoefu kabla ya kutumika.

Mtego wa tatu ni kuingiza jambo la sura nyingine. *Sikuona* ni jambo lililopita: sikuona kitu. *Sikuoni* ni la sasa: mimi sikuoni wewe. *Ku* ya kwanza ni ya wakati, ya pili ni ya mtu. Jozi hiyo ni tamu kufundisha, lakini iweke hadi sura ya viambishi vya mtendwa ipite. Hali kadhalika "Basi halijafika" na "Mvua hainyeshi": hizo zinahitaji ngeli, na ngeli ni mlima wake mwenyewe. Katika kadi hizi 33, watendaji wote ni watu.

Mwisho, pale penye majibu mawili sahihi, yaandike yote mawili nyuma ya kadi. *Nilikwenda sokoni* hukanushwa *Sikwenda sokoni*, na wengi husema *Sikuenda sokoni*. Ukiandika moja tu, mwanafunzi aliyesema nyingine atajihesabia kosa ambalo hakulifanya, na ataanza kulikwepa neno alilokuwa nalo.

Kuzitumia

Mwaka 1972 mwandishi wa Kijerumani Sebastian Leitner alieleza njia ya kupanga kadi ndani ya kisanduku chenye vyumba, ambayo bado haijapitwa. Kwa sura moja, kisanduku cha viatu kilichogawanywa vyumba vitatu kinatosha. Kadi mpya hukaa chumba cha kwanza na hujibiwa kila siku. Ikijibiwa vizuri inahamia cha pili, ambacho hupitiwa kila baada ya siku tatu, kisha cha tatu, mara moja kwa wiki. Ikikosewa popote ilipo, inarudi cha kwanza. Hivyo zile rahisi hazikuli muda, na zile ngumu zinarudi mara kwa mara zenyewe.

Jibu litamkwe kwa sauti, sentensi nzima, kabla ya kugeuza kadi. Kujibu moyoni ni rahisi kujidanganya, maana mtu akishaona jibu husema "nililijua". Angalia pia kasi. Akihesabu moja hadi tatu na jibu halijatoka, bado anakokotoa, na kadi irudi chumba cha kwanza hata kama hatimaye alipatia. Kwenye mazungumzo mtu hangemsubiri.

Mafungu yaende moja moja kwa siku chache za mwanzo, kisha yachanganywe yote kama karata. Mtu akipitia kadi nne za *-ku-* kwa mfuatano, kuanzia ya pili hafikirii tena. Zikichanganywa, alama zitashuka ghafla, na wengi hukata tamaa hapo. Kushuka huko ni habari ya kweli: kunaonyesha kiasi ambacho mpangilio ulikuwa ukimjibia.

Anayependa simu kuliko manila anaweza kuziingiza kadi hizi katika programu ya Anki, ambayo ilianza mwaka 2006 na hupanga marudio yenyewe. Ziandike katika faili la maandishi matupu, mstari mmoja kwa kadi, upande wa mbele ukitenganishwa na wa nyuma kwa nukta-mkato, na mwishoni jina la fungu:

```
#separator:Semicolon
#tags column:3
Nitarudi kesho.;Sitarudi kesho.;f1-mwanzo
Anauza maziwa.;Hauzi maziwa.;f4-mwisho
Mgeni wa leo yuko njiani (kufika).;Mgeni hajafika.;f7-chagua
```

Mstari wa kwanza unaiambia programu alama ya kutenganisha, wa pili unaiambia kuwa safu ya tatu ni jina la fungu. Jina hilo lisiachwe. Baada ya wiki mbili utaweza kutazama ni fungu lipi linakosewa zaidi, na hapo utajua uamuzi gani haujakaa. Jihadhari tu usiweke nukta-mkato ndani ya sentensi zenyewe, maana programu itaikata sentensi hapo.

Namna ya kujua kama zimefanya kazi

Kadi zina ugonjwa mmoja ambao hauonekani kwa kutazama alama. Mwanafunzi huikariri kadi yenyewe: anaona neno "geti", mdomo unasema "hakufunga". Kanuni haikuguswa. Dalili yake ni kwamba anajibu upesi kuliko anavyoweza kuisoma sentensi.

Dawa ni kuandika, siku ileile unapotengeneza kadi, sentensi nyingine kumi za akiba ambazo hatazifanyia mazoezi. Zitumie vitenzi vilevile alivyovijua, lakini visiwe kwenye fungu alilovikuta. Kama "funga" ilikuwa katika *-ku-*, kwenye akiba iwe katika *-ja-* au wakati uliopo. Mpe akiba hiyo baada ya wiki mbili. Akipata nane au zaidi bila kusita, kanuni imemwingia. Akipata zote kwenye kadi na nusu kwenye akiba, basi kilichoingia ni kadi, na fungu lililoshindwa liandikwe upya kwa vitenzi vingine. Usimwongezee tu marudio ya zile zile.

Kuna pia mambo ambayo kadi haziyafikii hata zikiandikwa vizuri namna gani. Hazimfundishi mtu kulisikia "hajaja" likitamkwa haraka ndani ya daladala. Hazimwambii kuwa kwa mkwe atajibu "bado, mama" na si "sijala" tu. Kukanusha amri na matakwa, kama "usile" na "asije", kuna mpango wake mwingine na kunastahili fungu lake. Kadi humfikisha mwanafunzi mahali ambapo umbo sahihi linamjia bila kutafutwa. Mengine atayapata kwa watu.

Kwa hiyo, mwalimu unayewafundisha wageni, na mzazi unayeishi Ulaya au Marekani na mtoto anayekisikia Kiswahili lakini anakujibu kwa lugha ya shule, msianze na jedwali. Andikeni kwanza zile kadi sita za kuchagua. Mkishindwa kuipata hali inayolazimisha *-ja-* na hali inayolazimisha *-ku-*, jueni kuwa sura hiyo hamjaielewa vya kutosha kuifundisha. Mkizipata, kadi nyingine 27 zitajiandika zenyewe.